Barua isiyo na jina juu ya bahasha

*Swali: Shikamoo mwalimu. Nataka kutunga shairi fupi, beti tatu tu, la mtu anayemwandikia barua msomaji ambaye hamjui sura wala anwani. Ubeti wa kwanza nimeupata, mizani na vina nadhani vimekaa sawa, lakini rafiki yangu alipousoma aliniuliza, "Huyu unayemwandikia ni nani?" Nilitaka aone kwamba hajulikani. Nimekosea wapi?*

*Wewe msomaji wangu, barua nakuletea,*
*Nimekupenda mwenzangu, sana ninakuwazia,*
*Sura yako macho yangu, daima yaangalia,*
*Pokea salamu zangu, hapo ulipotulia.*

Marahaba, mwanangu. Nimeuhesabu ubeti wako kipande kwa kipande na kila kimoja kina mizani minane, kina cha kati ni "ngu" na cha mwisho ni "a" kutoka mshororo wa kwanza hadi wa nne. Kwa upande wa arudhi hakuna cha kukukosoa. Rafiki yako naye ameuliza swali la haki kabisa, kwa sababu ubeti huu unamzungumzia mtu anayejulikana vizuri sana, na ushahidi wa jambo hilo umo ndani ya maneno yako mwenyewe.

Chukua kalamu upige mstari chini ya kila neno linalodai kitu fulani kuhusu huyo msomaji, kisha kwa kila mstari ujiulize mwandishi amekijuaje. Umesema unampenda, na mtu hampendi asiyemjua isipokuwa kwa namna ya jumla ambayo haihitaji barua. Umesema macho yako yaitazama sura yake daima, ilhali umenieleza kwamba sura yake huijui. Umesema ametulia, nawe huna habari kama ametulia au anakimbilia daladala. Hapo tumepata madai matatu ambayo hayana pa kusimama, na ndiyo yaliyomfanya rafiki yako aamini kwamba yupo mtu maalumu ambaye umemficha jina. Kipimo kingine chepesi ni kuliweka jina la mchumba mahali pa "msomaji" na kuusoma ubeti upya. Ukiona hakuna kinachovunjika isipokuwa mizani, ujue kwamba umeandika barua ya mapenzi na neno "msomaji" limekodishwa tu.

Lipo jambo la pili ambalo ni la ufundi zaidi, na mimi naliona kubwa kuliko la kwanza. Vina vyako vya kati ni wangu, mwenzangu, yangu na zangu. Watungaji wengi wanaoanza huikimbilia "ngu" kwa sababu kila nomino ya Kiswahili inaweza kufuatwa na kimilikishi, hivyo kina hupatikana bila kutafutwa. Katika shairi la kawaida huo ni uvivu mdogo unaosameheka. Katika shairi hili lakini nusu ya kwanza ya kila mshororo inafunga kwa kutangaza mtu au kitu kuwa mali ya mwandishi, na sikio la anayesikiliza hukaa palepale penye kina. Maana yasema mtu huyu hajulikani, na vina vinajibu mara nne kwamba ni wangu. Kina si pambo la mwisho wa kipande. Ndilo neno litakalobaki kichwani baada ya mengine kusahaulika, kwa hiyo lazima lihesabiwe kuwa sehemu ya hoja.

Kabla ya kukuonyesha jinsi ya kuujenga upya, nikueleze umeingia katika mlango gani, maana barua kwa njia ya shairi ni jambo la kale kwetu na lina desturi zake. Mtungaji wa zamani aliyetuma shairi kwa rafiki aliuamrisha waraka wenyewe uende, akautajia mji, mtaa na jina la mwenye nyumba, kisha katika ubeti wa mwisho akajitaja yeye na mahali alipo. Mshororo wa namna ya *nenda waraka wa heri, fika mtaa fulani* kila msomaji wa mashairi ameukuta katika sura moja au nyingine. Anwani ilikuwa ndani ya shairi. Baadaye, magazeti yalipoanza kuwa na ukurasa wa mashairi, kama *Mambo Leo* lililoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1923, mtungaji alianza kuwasemesha watu asiowajua, lakini hata hapo alikuwa na mahali pa kupeleka: alimwomba mhariri nafasi, na chini ya shairi aliweka jina lake na mji wake ili atakayejibu ajue anamjibu nani.

Mfano ulio karibu zaidi na nia yako nauona kwa Mwana Kupona, katika utendi alioutunga mwaka 1858. Anaanza na msomaji mmoja anayejulikana kabisa, bintiye, anayemwita asogee karibu na kumwambia atwae wino na karatasi. Ni wosia wa chumbani baina ya mama na mtoto. Lakini kuelekea mwisho anawageukia wanawake wote na kuwahimiza wausome na kuufahamu, na wengi wa hao hakuwahi kuwaona. Ujanja wake ni kwamba hakuwaelezea hao wasomaji wa mbali. Aliwapa kitu alichokuwa nacho, yaani maneno yaleyale aliyompa mwanawe, akawaacha wao waamue kama yanawahusu. Wewe unaanza pale alipomalizia, bila binti wa kuanza naye, na ndiyo sababu kazi yako ni ngumu kidogo.

Sasa tujiulize mwandishi wa barua hii anajua nini kwa hakika. Kuhusu msomaji anajua jambo moja tu: kwamba wakati maneno haya yanasomwa, kuna jicho lililo juu ya mstari. Jina, jinsia, umri, mji, saa na hali ya moyo vyote havimo mkononi mwake. Kuhusu nafsi yake, kwa upande mwingine, anajua mengi: bahasha iliyo mbele yake, hali ya hewa, taa, meza. Shairi basi lina vyanzo viwili halali, lile jambo moja la hakika na mazingira ya mwandishi, na kila kitu kingine lazima kije kwa sura ya swali au ya sharti. Ukilishika hilo utakuwa umeshaondoa nusu ya makosa.

Nimetunga beti tatu kwa mpango huo ili tuwe na kitu cha kukipima. Ni tarbia ya mizani kumi na sita kama yako, na kila ubeti una vina vyake, yaani ni ukaraguni. Huu ni wa kwanza:

*Barua nimeiweka, bila jina, bahashani,*
*Sijui itakofika, wala mikono ya nani,*
*Najua ikifunuka, jicho liko mstarini,*
*Hilo moja nalishika, mengine sijabaini.*

Kina cha mwisho nilikichagua kabla ya kuandika neno lolote. Nilihitaji silabi ambayo Kiswahili kimeijaza maneno ya kuuliza na maneno ya mahali, kwa kuwa hayo mawili ndiyo yanayokosekana katika barua hii, na silabi hiyo ni "ni": nani, nini, lini, gani, kisha nyumbani, mjini, mezani, bahashani. Hatari yake ni ileile ya "ngu," kwamba nomino yoyote ikitiwa "ni" mwishoni inageuka kina, kwa hiyo nimejiwekea mpaka. Mahali pawili tu, bahashani na mstarini, na vyote viwili ni vitu ambavyo mwandishi anavijua. Mji wa msomaji haukutajwa kwa sababu haujulikani.

Itazame pia *itakofika*. Umbo lake kamili ni itakakofika, ambalo lingenipa mizani tisa, nami nimelifupisha kwa inkisari ambayo washairi wameizoea na haimpotezi msomaji. Kilicho muhimu humo ni "ko." Wewe uliandika *hapo ulipotulia*, na "po" huonyesha mahali maalumu panapojulikana, kana kwamba umesimama mlangoni pake. Ungeandika *huko ulikotulia* ungebaki na mizani minane ileile na kina kilekile, na msomaji angesogea ghafla hadi mahali pasipojulikana. Katika mashairi mengi tofauti hiyo hupita bila kuonekana. Katika hili ndiyo anwani yenyewe, kwa hiyo pitia "po" na "ko" zote kabla ya kumpa mtu shairi lako.

Katika mshororo wa tatu nimesema *ikifunuka*, wala sikusema itakapofunuka. Umbo la pili lingeahidi kwamba barua itafunguliwa, na mwandishi hana dhamana hiyo; "ki" inaacha mlango wazi kwamba huenda isifunguliwe kamwe. Mshororo wa nne unalitaja waziwazi jambo moja la hakika, na nakiri kwamba ni mshororo wa hoja kuliko wa picha. Nimeuacha kwa kuwa ubeti wa kwanza wa shairi fupi lazima umwambie msomaji sheria za mchezo, vinginevyo atauliza swali la rafiki yako.

Ubeti wa pili ndio wenye kazi kubwa, kwa sababu hapo barua inatakiwa iwe barua kweli:

*Huku mvua yakoma, sijui jua la huko,*
*Taa yataka kuzima, pengine kwacha uliko,*
*Wasoma umesimama, au u kitini pako?*
*Nauliza ya salama, jibu na liwe la kwako.*

Kila aliyewahi kuandika barua ya kwetu analijua lile fungu la mwanzo, mimi huku sijambo, sijui wewe huko. Tuliliandika kwa mazoea hata kwa ndugu tuliyeachana naye wiki iliyopita, na hakuna aliyelisikiliza. Katika barua ya kwenda kwa mtu asiyejulikana fungu hilo linageuka kuwa kweli tupu, mwandishi hajui kabisa, na ndiyo maana nimelitumia kuwa uti wa ubeti. Nusu ya kwanza ya mishororo miwili inasema kilicho huku, nusu ya pili inakiri kutojua kilicho huko. Mgawanyo wa ukwapi na utao, yaani nusu ya kwanza na ya pili ya mshororo, ambao tarbia inatupa bure umefanywa kuwa mgawanyo wa mwandishi na msomaji, na kituo kidogo cha katikati ya mshororo ndio umbali baina yao. Ukiyapata mambo kama haya katika bahari uliyoichagua, yashike. Ndiyo yanayofanya shairi lisiwe nathari iliyokatwa vipande.

Mvua na taa ni za mwandishi, na nimezitaja kwa jina badala ya kusema kwamba ana upweke au ana matumaini. Asiyejua uso wa msomaji hana budi kumpa msomaji kitu cha kushika, na hali ya moyo haishikiki. Mvua inayokoma na taa inayotaka kuzima zinampa msomaji saa na mahali, naye huanza mwenyewe kulinganisha na saa na mahali pake. Nikiandika kwamba moyo wangu unasononeka, hana cha kulinganisha.

Mshororo wa tatu ungeweza kuja kwa sura nyingine ambayo sikio linaipenda zaidi: *umekaa kwa heshima, juu ya kigoda chako*. Mizani imetimia, vina vimetimia, picha ni safi. Lakini mwandishi ametumbukia tena katika kudai. Msomaji aliyesimama kwenye foleni ya benki akifika hapo ataona kwamba barua si yake, ataiweka chini kwa adabu. Swali la kusimama au kukaa, kinyume chake, linamkamata kila mtu, kwa kuwa kila anayesoma ama amesimama ama amekaa, na aliyelala atacheka kidogo lakini ataendelea. Angalia pia kwamba hakuna "dada," "kaka," "bwana" wala "bibi" popote. Nafsi ya pili ya Kiswahili haibagui mume na mke, na ni neema kubwa kwa shairi la aina hii. Usiiharibu kwa kumtafutia msomaji undugu. Umoja nao ni wa lazima. Ukisema "ninyi" barua inageuka hotuba, na hakuna mtu anayejiona yeye binafsi katika "ninyi."

Kina cha "ko" kina mtego wake, kwani kingeweza kunipeleka kwenye yako, wako, lako na chako, ambayo ni dosari yako ya "ngu" iliyogeuzwa upande. Nimekigawa: huko na uliko ni mahali, pako na kwako ni milki, na milki yenyewe ya mwisho inampa msomaji jibu lake akae nalo. Sikuandika kwamba nangojea jibu. Asiyetoa anwani hawezi kudai majibu, na mshororo wa kungoja jibu hupatikana katika karibu kila jaribio la mada hii nililowahi kusahihisha.

Wa tatu ni huu:

*Uso wangu hujaona, nami sikuoni wewe,*
*Kwa hilo tumelingana, hatupitani mi nawe,*
*Anwani kama hapana, safari isizuiwe,*
*Bahasha haina jina, juu andika mwenyewe.*

Hapa ndipo desturi ya kale inapogeuzwa. Mtungaji wa waraka alimalizia kwa kujitaja jina na mji. Shairi lako likifanya hivyo litapoteza usawa wake, kwa sababu mmoja atakuwa anajulikana na mwingine hajulikani, na barua itarudi kuwa tangazo la mwandishi. Nimeona bora mwandishi naye abaki bila uso, na usawa huo usemwe wazi katika mishororo miwili ya kwanza. *Mi nawe* ni "mimi nawe" iliyofupishwa, inkisari ya kawaida kabisa. Kuhusu *hujaona* mkosoaji mkali atadai "hujauona" kwa ajili ya uso, nami nitamkubalia kisarufi lakini mizani ingekuwa tisa. Ukitaka kumridhisha, andika *uso hujauona*, ambayo ni mizani saba, kisha utafute mmoja wa kuongeza mbele. *Nawe uso hujauona* inazidi kwa mmoja. *Sura yangu hujaona* inabakia na lawama ileile. Utaona mwenyewe kwamba baadhi ya lawama ni nafuu kuzibeba.

Mshororo wa mwisho unarudi kwenye pengo lililoachwa katika mshororo wa kwanza kabisa, lile la bahasha bila jina, na unamkabidhi msomaji kalamu. Nimeuchagua kwa sababu unatoa amri inayotekelezeka. Wengi hufunga mada hii kwa kusema kwamba maneno huvuka bahari na karne, na jambo hilo ni kweli lakini halimhitaji msomaji huyu hasa, linaweza kusemwa bila yeye kuwapo. Kuandika jina juu ya bahasha ni kitendo ambacho yeye peke yake anaweza kukifanya, nalo shairi halijatimia mpaka afanye hivyo.

Kuna mipaka ambayo shairi hili haliwezi kuivuka. Beti tatu zinatosha kwa wazo moja la aina hii. Ukiongeza wa nne utalazimika ama kurudia maswali ama kuanza kumbuni msomaji, na ukimbuni umempoteza. Vilevile halifai kuimbwa katika hadhara ya watu wengi kama vile mashairi ya malumbano, kwani "wewe" mmoja mbele ya watu mia hupwaya. Ni shairi la kusomwa kimya na mtu mmoja, au kusomewa mtu mmoja. Ukilipeleka gazetini, mhariri ataweka jina lako chini yake na hilo si tatizo, mradi jina lisiingie ndani ya ubeti.

Usiyachukue haya yangu kuwa ndiyo shairi lako. Rudi kwenye ubeti wako, uondoe mshororo wa pili na wa tatu, ubadilishe "hapo ulipotulia" kuwa "huko ulikotulia," nako kutulia ukutafutie kitenzi kisichodai hali ya msomaji, kisha utafute kina cha kati kisichotokana na kimilikishi. Jaribu "ka," "ta" au "ma," ambazo zina vitenzi vingi, kwa kuwa vitenzi vitakulazimisha kusema barua inafanya nini. "Pokea salamu" ni mwanzo mzuri wa kipande na unaweza kubaki nao. Kinachohitaji kubadilika ni "zangu" inayoufuata. Utakapoupata, mpe mtu mwingine ausome, asiwe yule rafiki aliyeuona wa kwanza, wala usimweleze lolote kabla hajamaliza. Akikuuliza tena huyo ni nani, tafuta ni neno gani limemfanya aulize na ulitoe. Akinyamaza kidogo kisha akajibu lile swali la kusimama au kukaa, au lolote utakaloliuliza wewe, niletee tuzitazame beti mbili zilizobaki.